Dawa Inapojifanya Mimba: Projesteroni Baada ya Kupandikizwa Kiinitete

"Matiti yamejaa, usingizi hauniishi, choo siku ya tatu sijapata, na jana usiku nimeamka mara tatu kukojoa. Wifi, imeshika hii."

Ujumbe huo uliingia kwenye simu yangu siku ya sita tangu wifi yangu apandikizwe kiinitete, yaani yai lililorutubishwa na kukuzwa maabara. Mimi ni nesi, na nimekaa wodi ya wazazi miaka mingi kiasi cha kujua jibu nililotakiwa kumpa, ila sikuwa na moyo wa kumpa. Nilimjibu kwa dua. Siku nne baadaye damu ilipimwa na mimba haikuwepo. Kilichomuumiza kuliko majibu yenyewe ni kwamba mwili ulikuwa umemwambia kitu kingine. Alijiona kama mtu aliyedanganywa na mwili wake mwenyewe.

Mwili haukumdanganya. Dalili zote alizoniandikia zilitoka kwenye boksi la projesteroni lililokuwa kwenye friji yake. Ili uone ni kwa namna gani, inabidi kujua kwanza dawa ile inafanya kazi gani na kwa nini mwanamke aliyepandikizwa hupewa nyingi vile.

Katika mwezi wa kawaida, yai likishapevuka na kutoka kwenye ovari, kile kifuko lilimokuwa hakifi. Kinabadilika kuwa cha manjano na kuanza kumwaga homoni ya projesteroni. Kabla ya hapo, kwa siku kumi na kitu, homoni nyingine, estrojeni, imekuwa ikinenepesha utando wa ndani wa mji wa mimba. Lakini unene peke yake hausaidii, kama vile unga wa maandazi uliokandwa vizuri usivyofaa kukaangwa kabla haujaumuka. Projesteroni ndiyo hamira. Inausimamisha utando usiendelee kukua, inazifanya tezi zake zitoe vya kulishia kiinitete, na inatuliza misuli ya mji wa mimba isijikunjekunje. Na kama hamira, ina saa yake. Utando uliokutana na projesteroni siku mbili tu haujawa tayari, na uliokaa nayo muda mrefu mno umeshapitwa.

Ndiyo sababu ya ile hesabu ambayo wengi hupewa kliniki bila maelezo. Kiinitete kilichokuzwa maabara kwa siku 5 hupandikizwa siku ya sita ya projesteroni, yaani baada ya siku 5 kamili za dawa. Umri wa kiinitete na umri wa utando vinakwenda pamoja. Ukianza dawa kwa kuchelewa siku nzima, umemwalika mgeni nyumba ikiwa bado inapigwa deki. Kwa hiyo tarehe na saa ya kidonge cha kwanza ni ya kuandikwa, na ikitokea umekosea, piga simu kabla ya siku ya kupandikizwa. Kiinitete kikiwa bado kwenye barafu, tarehe inaweza kusogezwa. Kikishayeyushwa, mambo ni mengine.

Sasa, si kila aliyepandikizwa yuko kwenye hali moja. Aliyevunwa mayai na kupandikizwa ndani ya wiki hiyohiyo bado ana vifuko vya manjano, tena vingi. Tatizo lake ni kwamba dawa za kukuza mayai na estrojeni kubwa iliyopanda vimeunyamazisha ubongo, nao hautumi tena homoni ya kuvihimiza vifuko hivyo. Vinakufa mapema. Huyo anaongezewa projesteroni juu ya ile aliyonayo. Kuna pia anayepandikizwa kiinitete kilichogandishwa kwa kufuata mzunguko wake wa asili. Yai limetoka lenyewe, kifuko kipo na kinafanya kazi, kwa hiyo dawa kwake ni nyongeza tu.

Wa tatu ndiye ninayemzungumzia hapa, kwa sababu ndiye mwenye mengi ya kuangalia. Anapandikizwa kiinitete kilichogandishwa kwa mzunguko wa dawa. Anaanza vidonge vya estrojeni siku ya pili au ya tatu ya hedhi, mara nyingi miligramu 2 mara tatu kwa siku. Estrojeni hiyo inanenepesha utando na wakati huohuo inazuia yai lisipevuke. Kama hakuna yai lililotoka, hakuna kifuko cha manjano, na kama hakuna kifuko, projesteroni ya mwili wake ni karibu na sifuri. Kila tone linaloufikia mji wa mimba limetoka dukani. Akisahau dozi mbili hana akiba popote, na mimba ikishika ataendelea kuitegemea dawa wiki nyingi.

Wifi yangu alikuwa wa aina hii, mara zote mbili alizopandikizwa.

Dawa yenyewe ina njia kadhaa za kuingilia, na hapo ndipo palipo na mkanganyiko mkubwa. Njia ambayo kila mtu angeipenda ni kumeza, nayo ndiyo mbovu kuliko zote kwa projesteroni halisi. Ikipita tumboni inafika kwanza kwenye ini, na ini linaivunjavunja kiasi kwamba sehemu isiyofika hata moja ya kumi ndiyo inayobaki kama projesteroni. Vipande vinavyotokana na kuvunjwa huko vinapanda hadi kwenye ubongo na kukaa mahali palepale panapoguswa na dawa za usingizi. Kwa hiyo anayemeza analala fofofo, na mji wake wa mimba unapata makombo.

Nalisema hili kwa sababu nimekutana nalo. Kuna vidonge laini vya projesteroni, vile vyeupe vya mviringo vyenye mafuta ndani, ambavyo vinaweza kumezwa kwa matatizo mengine na kuwekwa ukeni kwa anayepandikizwa. Kidonge ni hichohicho. Dada mmoja alivinunua duka la dawa lililo karibu na kwake baada ya vile vya kliniki kumwishia, na muuzaji akamwandikia kwenye boksi "1×3 baada ya chakula". Alimeza siku nne. Alichogundua mapema ni kwamba alikuwa akisinzia akiwa amesimama kwenye foleni ya benki. Ukinunua nje ya kliniki, fuata karatasi ya daktari wako, si maandishi ya kalamu ya dukani.

Kuna kidonge kimoja cha kumeza kinachofaa, ila hicho si projesteroni halisi. Ni dydrogesterone, ambayo wengi wanaifahamu kwa jina la boksi, Duphaston. Umbo lake limepindishwa kidogo maabara ili ini lisiiharibu. Tafiti mbili kubwa zilizotolewa mwaka 2017 na 2018 zilionyesha kwamba kwa waliopandikizwa kiinitete kibichi, yaani ambacho hakikugandishwa, miligramu 10 mara tatu kwa siku haikuwa nyuma ya projesteroni ya ukeni. Angalizo lake ni moja. Kipimo cha damu cha projesteroni hakiioni. Anayetumia hiyo peke yake akipimwa, karatasi itasoma chini sana, naye ataogopa bure.

Njia inayotumika zaidi ni ya ukeni. Wapo wanaopewa miligramu 400 asubuhi na jioni za vile vya nta kama Cyclogest, wapo wa miligramu 200 mara tatu za vidonge laini, na wapo wa jeli yenye mrija wake. Uzuri wa njia hii ni kwamba dawa inapita kutoka ukeni moja kwa moja hadi kwenye mji wa mimba kabla haijazunguka mwilini. Utando unapata nyingi, damu inapata kidogo. Kwa muda mrefu hilo lilichukuliwa kuwa ndilo jibu la kila kitu: ukipima damu ukakuta kidogo, usijali, mji wa mimba umeshajaa.

Miaka ya karibuni wataalamu wameacha kulisema hilo kwa uhakika ule. Vituo kadhaa, hasa Hispania na Ufaransa, viliwapima damu wanawake wa mzunguko wa dawa siku ya kupandikizwa au karibu nayo, vikaona kwamba wale waliokuwa chini ya takriban nanogramu 10 kwa mililita walibaki na mimba kwa uchache zaidi. Na mwaka 2021 ulitoka utafiti wa Marekani uliowagawa wanawake wa viinitete vilivyogandishwa kwenye mafungu matatu. Waliotumia vidonge vya ukeni peke yake, miligramu 200 mara mbili, walijifungua 27 kwa kila 100 waliopandikizwa. Waliochomwa sindano kila siku, 44. Waliotumia vya ukeni na kuongeza sindano kila siku ya tatu, 46.

Usisome namba hizo kama hukumu kwa kila kidonge cha ukeni. Ilikuwa aina moja na dozi moja, na viko vituo vinavyotumia dozi nyingine, vinapima damu, na kupata matokeo mazuri. Ninachokichukua mimi humo ni kwamba wanawake wawili wanaweza kuweka kidonge kilekile saa ileile, mmoja damu yake ikasoma 14 na mwingine 6, na hakuna dalili itakayokwambia wewe ni yupi. Uzito wa mwili unachangia, na namna uke unavyofyonza inachangia. Pasipo kupima, hakuna anayejua.

Mzunguko wa kwanza wifi yangu hakupimwa. Wa pili alihamia kliniki nyingine, na huko walikuwa na utaratibu wa kupima siku moja kabla. Mambo yalikwenda hivi. Alianza kidonge cha kwanza cha ukeni Jumatatu usiku, miligramu 400 mara mbili kwa siku, utando wake ukiwa na milimita 8.4 kwenye altrasaundi. Kupandikizwa kulipangwa Jumamosi. Ijumaa asubuhi akatolewa damu, na mchana akanitumia picha ya karatasi kwa furaha: "22.6! Wametaka kumi tu."

Nikaikuza ile picha. Pembeni ya 22.6 palikuwa na nmol/L.

Maabara zetu hazitumii kipimo kimoja. Nyingine zinatoa nanogramu kwa mililita, ambayo huandikwa ng/mL, nyingine nanomoli kwa lita. Ile kumi inayosemwa ni ya ng/mL, na ni sawa na 32 hivi kwa nmol/L. Kupata ya kwanza kutoka ya pili unagawanya kwa 3.18. Kwa hiyo 22.6 yake ilikuwa 7.1. Daktari wake alikuwa ameshaiona. Saa kumi jioni walimpigia arudi kuchomwa sindano ya miligramu 50, na tangu siku hiyo akaendelea na sindano kila usiku pamoja na vidonge vyake vya ukeni. Kupandikizwa hakukuahirishwa. Ukipewa karatasi ya aina hii, soma kwanza kile kilichoandikwa kwa herufi ndogo baada ya namba.

Sindano yenyewe ni projesteroni iliyoyeyushwa kwenye mafuta, mara nyingi ya ufuta. Mafuta ni mazito, kwa hiyo huvutwa kwa sindano nene, ile yenye kitako cha pinki, kisha inabadilishwa na kuwekwa nyembamba zaidi ya kuchomea, mara nyingi yenye kitako cheusi, ndefu ya kutosha kufika kwenye msuli. Mahali pake ni robo ya juu ya tako, upande wa nje. Nalisisitiza hilo la upande wa nje, kwa sababu katikati ya tako ndipo unapopita mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka mguuni. Kaka yangu ndiye aliyefundishwa kumchoma, akawa anachora alama kwa kalamu kila jioni kama fundi anayepima mbao. Walilishika bomba lililojaa viganjani dakika chache mafuta yapate joto la mwili, maana yakiwa baridi hayapiti vizuri na yanauma. Walisukuma polepole, wakabadilisha upande kila siku, kisha wakakanda na yeye akatembea uani kidogo. Pamoja na yote hayo, wiki ya tatu makalio yalikuwa na vinundu vigumu, na kukaa kwenye kiti cha daladala ikawa kazi. Vinundu hivyo ni mafuta ambayo hayajafyonzwa bado. Huchukua wiki, pengine zaidi ya mwezi, kuisha.

Kinundu kikiwa chekundu, kikawa cha moto, maumivu yakazidi siku hadi siku badala ya kupungua, hapo si mafuta tena, ni jipu linaanza, na ni la kuonwa. Ganzi au umeme unaoshuka hadi unyayoni wakati wa kuchoma maana yake umekaribia mshipa, toa sindano. Na mwenye mzio wa ufuta au karanga aseme kabla ya dawa kuagizwa, kwa sababu baadhi ya bidhaa zina mafuta hayo na zipo zinazotumia mafuta mengine. Kwa wanaoweza kuipata na kuilipia, ipo pia sindano ya maji ya miligramu 25 inayochomwa chini ya ngozi tumboni kwa kisindano kifupi, na hiyo haiachi vinundu vya namna hii.

Vidonge vya ukeni navyo vina vituko vyake, ingawa ni vya aibu zaidi kuliko hatari. Vile vya nta vimetengenezwa viyeyuke kwa joto la mwili, na Dar es Salaam mwezi wa pili joto la pochi halina tofauti kubwa na la mwili. Ukivikuta vimelegea, vitumbukize kwenye maji baridi vikiwa bado ndani ya ganda lake mpaka vigande, ndipo ufungue. Weka kwa kina cha kidole chako, ukilala, na ubaki umelala kwa muda. Ndiyo maana dozi ya usiku ni rahisi kuliko ya asubuhi. Baadaye kitatoka kitu cheupe chenye utelezi kama mafuta ya mgando, na kila mwanamke hujiuliza kama dawa yote imemwagika. Haijamwagika. Kinachotoka ni nta iliyobeba dawa, na dawa yenyewe inafyonzwa wakati nta ikiyeyuka. Vaa pedi nyembamba. Jeli kwa upande wake hujikusanya ndani na kutoka siku za baadaye kama vipande vikavu, vyeupe au vya kahawia, na vile vya kahawia vimewahi kumtia mtu kiwewe kwa kufikiri ni damu iliyoganda.

Uke ukiwashwa sana, ukawa na harufu au uchafu kama maziwa ya mgando, inaweza kuwa fangasi, na usijitibu kwa dawa ya kuingiza ukeni bila kuuliza, maana itashindana na projesteroni kwenye nafasi ileile. Vile vya nta vinaweza kuhamishiwa njia ya haja kubwa kwa muda kama daktari akikubali. Gesi itaongezeka, ila dawa inaingia.

Mzunguko wa pili uliangukia Ramadhani, na hili lilileta mjadala nyumbani. Vitabu vya Kishafii tulivyosomeshwa pwani huhesabu kinachoingizwa ndani ya uke kuwa kinafunguza. Baraza la Fiqhi la Kimataifa lililokutana Jidda mwaka 1997 liliamua kwamba vidonge vya ukeni havifunguzi. Mimi si mtu wa kutoa fatwa. Alichofanya yeye, baada ya kumuuliza sheikh wake na daktari wake, ni kuweka kimoja baada ya futari na kingine kabla ya adhana ya alfajiri, na estrojeni ya kumeza akaigawa futari, kabla ya kulala, na daku. Daktari alikubali mradi saa hizo zisiyumbe. Ninachokiogopa mimi ni yule anayeruka dozi ya mchana kimyakimya bila kumwambia mtu.

Turudi kwenye zile dalili. Usingizi na kizunguzungu chepesi vinatokana na vile vipande vinavyofika kwenye ubongo. Kwa anayetumia ukeni ni kidogo kuliko anayemeza, lakini vipo. Matiti kujaa na kuuma ni kazi ya projesteroni na estrojeni pamoja. Projesteroni inalegeza misuli laini mwili mzima, siyo ya mji wa mimba peke yake, kwa hiyo utumbo nao unasukuma polepole: choo kigumu, tumbo kujaa, kiungulia. Maumivu ya chini ya tumbo kama ya hedhi huja na kuondoka. Hasira za ghafla na machozi yasiyo na sababu yamo pia. Kaka yangu ana ushahidi.

Dalili hizo ukiziweka kando ya zile za mimba changa, huoni tofauti, na hakuna haja ya kuitafuta, kwa kuwa dalili nyingi za mwanzo za mimba husababishwa na homoni hizohizo zikitoka kwenye mwili badala ya boksi. Hata kukosa hedhi si ushahidi. Dawa inaweza kuizuia hedhi isitoke mpaka itakapoachwa, kwa hiyo mtu anaweza kukaa siku tano zaidi ya tarehe yake na asiwe na mimba. Upande wa pili ni kweli vilevile: dalili zikitoweka ghafla siku ya saba, matiti yakalainika, haina maana mimba imetoka. Mzunguko wa kwanza wifi yangu alikuwa na kila dalili. Wa pili hakuwa na kitu zaidi ya makalio kuuma, akakata tamaa kabisa siku ya nane.

Kilichotokea siku hiyo ya nane ni doa la kahawia kwenye pedi, la ukubwa wa sarafu. Madoa ya namna hiyo ni ya kawaida kwa mtumiaji wa ukeni, kwa sababu shingo ya mji wa mimba inakuwa laini na yenye damu nyingi, na ncha ya mrija au ukucha huikwaruza. Kosa kubwa analoweza kufanya mtu akiona doa ni kujihukumu na kuacha dawa. Kama mimba ipo, yeye mwenyewe ndiye ameiondolea mto wa kulalia. Endelea na dozi, piga simu, subiri kipimo.

Siku ya tisa likaja lingine. Mwili ulikuwa wa moto. Kaka akataka kumkimbiza duka la dawa anunue za malaria. Projesteroni hupandisha joto la mwili kwa nusu nyuzi hivi, ndiyo maana wanaofuatilia siku zao kwa kipimajoto huona limepanda baada ya yai kutoka. Kipimajoto chake kilisoma 37.3. Hilo ni joto la dawa. Kama lingefika 38, au angekuwa na baridi ya kutetemeka na kichwa kinachopasuka, huku kwetu hilo ni la kupima malaria siku hiyohiyo, kwa kuwa malaria kwa mjamzito haisubiri. Ila kupima kwanza, na kumwambia anayekutibu kwamba inawezekana una mimba ya wiki ya nne, kwa sababu uchaguzi wa dawa unategemea hilo. Alipimwa kwa kidole. Hakuwa nayo.

Mambo machache hayatokani na projesteroni na hayafai kuvumiliwa kwa kisingizio chake. Mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye shavu la mguu, au kukosa pumzi ghafla, ni wasiwasi wa damu kuganda, na estrojeni huchangia. Aliyevunwa mayai siku chache zilizopita akivimba tumbo haraka, akiongezeka kilo kadhaa ndani ya siku mbili na mkojo ukipungua, huyo anaonwa leo, maana ovari zake zimezidiwa. Kipimo kikishaonyesha mimba, maumivu makali ya upande mmoja, au ya bega yanayoambatana na kizunguzungu cha kutaka kuanguka, yanaweza kuwa ya mimba iliyotunga nje. Projesteroni haiizuii hiyo, na kiinitete kilichowekwa ndani ya mji wa mimba kwa mkono wa daktari bado kinaweza kupotelea kwenye mrija wa kupitishia mayai.

Jumanne, siku ya kumi, alipimwa damu kutafuta homoni ya mimba. Projesteroni haiwezi kukifanya kipimo hicho kisome ndiyo, hata ujazwe kiasi gani. Inayoweza kudanganya ni sindano ya kupevusha mayai kwa wale waliovunwa, kwani baadhi ya sindano hizo ni homoni ya mimba yenyewe na hubaki mwilini siku kumi na zaidi. Yeye hakuchomwa hiyo. Kipimo kilisoma ndiyo, na siku mbili baadaye namba ilikuwa imezidi maradufu.

Sitasema ni sindano zilizoleta tofauti. Kilikuwa kiinitete kingine, mwezi mwingine, kliniki nyingine.

Kwa hesabu ya wakunga, siku ya kupandikizwa kiinitete cha siku 5 mimba inahesabiwa kuwa na wiki 2 na siku 5, kwa hiyo siku ya kipimo alikuwa na wiki 4 na siku 1. Swali lake la kwanza likawa: naacha lini? Mwanzoni mwa miaka ya 1970, daktari Mhungaria Arpad Csapo alionyesha kwamba kifuko cha manjano kikiondolewa kabla ya wiki ya saba hivi, mimba hutoka, na kikiondolewa baada ya hapo, kwa kawaida hubaki. Kondo limeshaanza kutengeneza projesteroni yake. Makabidhiano hayo hufanyika taratibu kati ya wiki ya saba na ya tisa. Aliyepandikizwa kiinitete kibichi ana vifuko vyake, kwa hiyo baadhi ya madaktari humwachisha mapema. Asiye na kifuko huendelea mpaka wiki ya 10 au ya 12 ili kuwe na nafasi ya ziada. Na kipimo kikisema hapana, dawa zote huachwa kwa idhini ya kliniki, na hedhi huja ndani ya siku chache, mara nyingi nzito kuliko alivyozoea, kwa sababu utando ulinenepeshwa kweli.

Wakati huo mama mkwe wake alikuwa ameshaanza kumletea viazi vikuu kila wiki, baada ya kusikia mahali kwamba vina projesteroni. Habari hiyo ina mzizi. Katika miaka ya 1940, mkemia Mmarekani Russell Marker alitengeneza projesteroni kutokana na jamii ya viazi vikuu vya porini vya Meksiko, na hapo ndipo dawa hii iliposhuka bei duniani. Lakini ilihitaji hatua kadhaa za maabara, na tumbo la binadamu halina hata moja kati ya hizo. Alivila kwa samaki wa nazi, na vidonge akaweka saa zilezile.

Aliacha sindano wiki ya 10, siku 51 baada ya kupandikizwa. Ya mwisho aliiomba ichomwe upande wa kulia, kwa sababu kushoto hapakuwa tena na mahali pasipo na kinundu.